Ombi la kupunguza dakika mbili katika sehemu yako

Nairobi
Jumatatu, saa nne usiku

Mpendwa dada,

Natumai ulifika nyumbani salama jana licha ya msongamano wa Barabara ya Thika. Nimesikiliza mara mbili rekodi ya mazoezi ya mazungumzo yetu kuhusu maji ya Nairobi, na nimeona heri nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu ombi langu linahitaji uwe na slaidi zako mbele yako unapolisoma. Naomba upunguze sehemu yako kwa dakika mbili, kutoka dakika 11 hadi 9. Wakazi wametupa dakika 20 za kuzungumza na 10 za maswali, na mwenyekiti wao amenikumbusha leo mchana kwamba baada yetu kuna uchaguzi wa kamati, nao hautasubiri mtu. Jana tulitumia dakika 22: utangulizi 1, wewe 11, mimi 9, na kufunga 1.

Utauliza, na una haki, kwa nini upunguze wewe na si mimi. Sehemu yangu nilikwisha kuipunguza wiki iliyopita, na kilichobaki ni ratiba ya mgao wa maji na namna ya kukadiria tangi la nyumba, mambo ambayo watu watatoka nyumbani kuja kuyasikia. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba katika sehemu yako nimeona mahali pawili ambapo muda unakwenda na msikilizaji hapati kitu kipya. Katika yangu sikupaona, ingawa nakiri kwamba aliyekuwa akitafuta ni mwenye sehemu.

Kwanza nikuombe usiongeze kasi. Nimehesabu maneno yako katika dakika tatu za rekodi na nimepata wastani wa maneno 95 kwa dakika, ambao ni mwendo mzuri kwa ukumbi wenye wazee na mwangwi. Dakika mbili, basi, ni takriban maneno 190, na maneno 190 hayawezi kubanwa ndani ya mengine. Ni lazima yaondoke. Jana nilipokuinulia kidole kukuonyesha muda, uliharakisha, na katika rekodi ujazo wa bwawa la Ndakaini unasikika kama "mita sabini", neno "milioni" likiwa limemezwa lote. Kwa msikilizaji, bwawa lilipungua likawa karai.

Nimegawa sehemu yako kwa saa ya simu, slaidi kwa slaidi. Chemchemi za Kikuyu zinachukua dakika 1 na nusu, bwawa la Ruiru dakika 1 na sekunde 10, la Sasumua dakika 1 na nusu, Ndakaini dakika 3, mtambo wa kusafisha maji wa Ng'ethu pamoja na onyesho la chupa dakika 2 na sekunde 40, kisha bomba la kwenda Gigiri na kunikabidhi zamu dakika 1 na sekunde 10. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kuondoa chemchemi, maana ni rahisi kukata mwanzo. Nilipojaribu kusikiliza bila hizo, niliona tumepoteza chanzo cha habari yote: mji ulikua haraka kuliko chemchemi zake, ndiyo maana ukaanza kutafuta maji mbali. Tuziache zilivyo.

Panapofaa kukatwa ni Ruiru na Sasumua. Kwa sasa yanachukua dakika 2 na sekunde 40 kwa jumla, na yote mawili yanasema jambo moja, kwamba mji uliongeza bwawa, likatosha kwa muda, kisha likazidiwa. Ukilisema mara ya kwanza watu wanaelewa. Ukilirudia wanaanza kutazama simu zao. Napendekeza slaidi moja yenye mabwawa yote matatu, yakiwa na ujazo wake: Ruiru takriban mita za ujazo milioni 3, Sasumua takriban milioni 16, Ndakaini milioni 70. Ukizipanga tarakimu hizo kwa mfuatano, zinasimulia kwa sekunde chache kile ambacho sasa kinakuhitaji slaidi mbili. Unaweza kusema hivi: "Chemchemi zilipozidiwa, mji ukajenga bwawa la Ruiru, Ruiru lilipozidiwa, mwaka wa 1956 ukajenga Sasumua, kubwa mara tano, na bado tulilazimika kwenda Ndakaini, bwawa lililokamilika mwaka wa 1994 na ambalo peke yake linashika zaidi ya mara tatu ya yale mawili yakijumlishwa." Najua tutapoteza habari ya tuta la Sasumua kuongezwa kimo na ile ya bomba la kwenda Kabete, na najua ulihangaika kuitafuta picha ile ya tuta. Iweke mwisho wa faili, nyuma ya slaidi ya kufunga; mtu akiuliza, tutaifungua wakati wa maswali.

Hapa ndipo mtiririko unapoweza kukatika, na sehemu hii ya barua ndiyo iliyonifanya niandike. Katika slaidi ya Ndakaini unasema, "Tatizo hapa ni lile lile la Sasumua." Tukiondoa maelezo ya Sasumua, sentensi hiyo itaning'inia hewani, kwa kuwa tatizo lenyewe, yaani kwamba bwawa liko mbali kwenye miteremko ya Aberdare na hujazwa na mvua ya huko wala si ya Nairobi, ulikwisha kulieleza slaidi moja nyuma. Na mimi ninaanza sehemu yangu kwa kusema, "Sasa mnajua kwa nini mvua inaweza kunyesha Umoja wiki nzima na mfereji ubaki mkavu." Wakiwa hawajui, nimeanza kwa uongo. Kwa hiyo sentensi zako tatu za mvua ya Aberdare zisiondoke. Zihamishe tu zikae Ndakaini, mahali pa hiyo "lile lile". Nimezipima, ni sekunde 15.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hunikwaza hata mimi kila ninapokata maandishi ya Kiswahili. Viambishi vyetu hubeba majina mgongoni bila kuyataja, na ukiondoa aya moja kiambishi hukamata jina lingine lililo karibu bila mtu kugundua. Baada ya Sasumua una sentensi, "Yalitosha kwa miaka mingi." Leo inaeleweka kuwa ni mabwawa. Tukikata, sentensi iliyotangulia itakuwa ile ya maji ya chemchemi, na msikilizaji ataelewa kwamba maji ya chemchemi ndiyo yaliyotosha, kinyume kabisa cha unachotaka kusema. Halafu Ndakaini unaiita "bwawa letu la tatu" kabla ya kulitaja kwa jina. Tarakimu hiyo itaendelea kuwa sahihi, mradi slaidi mpya iwe na mabwawa matatu na si mawili. Njia ninayotumia kukagua ni kusoma kwa sauti sentensi ya mwisho kabla ya mkato na ya kwanza baada yake, hizo mbili tu, kana kwamba sijawahi kuziona. Nikisikia "huko", "hayo" au "kama nilivyosema", nasimama kutafuta mwenyewe yuko wapi.

Kwa hesabu yangu, Ruiru na Sasumua zitashuka kutoka dakika 2 na sekunde 40 hadi dakika 1 na sekunde 5, na ukiongeza zile sekunde 15 za mvua zinazohamia Ndakaini, tutakuwa tumeokoa sekunde 80. Zinabaki 40, na hizo zimo ndani ya chupa.

Tafadhali usidhani nataka kuiondoa chupa. Watu wakiona maji ya matope yakitulia kwa sababu ya shabu, wanaelewa kazi ya Ng'ethu kuliko kwa mchoro wowote, nami nairejelea ninapozungumzia mashapo yanayobaki chini ya tangi. Tatizo ni kwamba jana ulitia shabu, ukakoroga, kisha tukasimama sote tukiitazama chupa kwa sekunde 40, na maji yakabaki na rangi ya chai ya maziwa, hadi ukaomba radhi na kuendelea. Shabu haifanyi kazi kwa haraka hiyo. Kwanza inahitaji kukorogwa kwa nguvu kidogo ili isambae, kisha polepole kwa dakika kadhaa ili chembe za udongo zishikane na kuwa mabonge madogo kama manyoya, kisha iachwe itulie, na kutulia huko huweza kuchukua nusu saa. Ukikoroga kwa nguvu hadi mwisho unayavunja mabonge yenyewe, na nadhani jana ndivyo ilivyokuwa.

Basi tufanye kama wapishi wanaotoa sufuria iliyokwisha kuiva. Nusu saa kabla ya zamu yetu, jaza chupa mbili maji yale yale ya matope, tia shabu katika moja tu na uikoroge inavyotakiwa, kisha uziweke mezani mahali ambapo hakuna atakayezitikisa. Ukifika Ng'ethu unaziinua zote mbili, moja kila mkono, na kusema kwamba yalichotwa mahali pamoja na kwamba tofauti ni shabu na subira. Hakuna hata neno moja la maelezo yako litakalopotea. Tutakachoondoa ni kule kusubiri. Inua ile yenye shabu taratibu, kwa sababu ukiitikisa mashapo yatapanda tena mbele ya watu wote.

Kumbuka pia kwamba mimi ndiye ninayebadilisha slaidi unapozungumza. Ishara yangu ya kuingia Ndakaini imekuwa maneno yako "tuliache Sasumua," na maneno hayo sasa yanaondoka. Naomba ishara mpya iwe "mwaka wa 1994". Nikiusikia mwaka huo, nitabonyeza. Usiutaje mapema katika utangulizi, la sivyo Ndakaini itatokea kabla ya chemchemi.

Ukimaliza kukata, isome sehemu yote ukiwa umesimama, kwa sauti, huku ukibadilisha slaidi, kwa maana ukisoma kimya utamaliza kwa dakika 7 na kudhani una muda wa kuirudisha Sasumua. Ukipata kati ya dakika 8 na nusu na 9, tumefika. Ukizidi 9, usiguse Ndakaini. Punguza katika bomba la Gigiri, ambako unaeleza mara mbili kwamba maji hushuka kwa mteremko. Mara moja inatosha, lakini iwe ile ya pili, iliyo karibu na jina langu, kwa sababu swali la kwanza ninalojibu ni kwa nini nyumba za juu hukosa maji kabla ya zile za bondeni.

Ikiwa kuna mahali umeona nimekata kitu ambacho kwako ni mshipa, niambie kabla ya Jumatano jioni, na tutatafuta sekunde hizo kwingine, hata kwangu. Nitumie faili Alhamisi asubuhi ili nipange slaidi upya. Shabu nitanunua mimi. Wewe lete chupa mbili zinazofanana, zenye mdomo mpana, na udongo wa kwenu, maana huu wangu wa Kasarani ni mweusi mno na hautaonekana vizuri kutoka viti vya nyuma.

Wako,
mwenzako wa zamu ya pili