Udongo wa viazi hupandishwa kidogo kidogo

Limuru,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba viazi vya Shangi ulivyopanda kwenye ndoo vimechipua. Unauliza kama ujaze udongo sasa hadi juu. Hapana, ngoja kidogo.

Mashina yakifika urefu wa kiganja na vidole vyake, ongeza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ufunike nusu ya chini tu. Majani ya juu yaache yapumue. Baada ya wiki moja au mbili yatakuwa yamerefuka tena, nawe unaongeza tena, hadi udongo ubakize vidole vitatu kufikia mdomo wa ndoo. Hapo unaacha, ili maji ya kumwagilia yapate pa kutulia.

Mwaka juzi nilipandisha udongo kwenye gunia hadi karibu kiunoni, nikitarajia viazi tabaka juu ya tabaka. Nilipolimwaga, viazi vyote vilikuwa chini, karibu na pale nilipolaza mbegu. Juu kulikuwa na mizizi mitupu. Shangi hukomaa mapema na hubeba hapo hapo jirani na mbegu. Udongo unaoongeza ni wa kuvifunika vinaponenepa, visichungulie jua. Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani, huwa kichungu na kina sumu. Kwa hiyo kila ukimwagilia, tazama juu ya udongo. Ukiona mgongo wa kiazi umejitokeza, ufunike siku hiyo hiyo.

Hiyo ndoo yako nyeusi isogeze mahali penye kivuli cha alasiri. Udongo ukipata joto jingi, mmea hurefusha majani na kusahau viazi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole: kikitoka na unyevu, acha. Hakikisha pia matundu ya chini hayajaziba, maana mbegu huozea kwenye maji yaliyotuama.

Kuhusu kuvuna, maua yasikuharakishe. Yakitoka, jua tu kwamba huko chini viazi vidogo vimeanza. Unaweza kupapasa kando kwa vidole ukatoa viwili vitatu vya mchuzi, kisha urudishe udongo. Vya kuweka vinasubiri majani yawe manjano na mashina yalale, kwa kawaida kama miezi mitatu tangu kupanda. Hapo usimwagilie tena. Kata mashina, uache ndoo wiki mbili. Halafu toa kiazi kimoja, ukisugue ngozi kwa dole gumba. Ikichubuka, ni kichanga bado, funika usubiri. Ikishika, mwaga ndoo yote juu ya turubai.

Usivioshe. Viache vikauke kivulini, kisha viweke gizani.

Mimi ndoo moja ya lita 20, yenye mbegu mbili, hunipa kilo moja na ushei. Niandikie yako imetoa ngapi.

Wako,
jirani yako wa zamani