Huyo Si Profesa, Ni Roboti Yake

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, hata pale mlipoichapisha picha ya bandari yetu ya Tanga na kusema ni ya Mtwara. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika taarifa yenu kuhusu roboti zenye sura ya binadamu, mliweka picha ya mwanamume aliyeketi, amevaa nguo nyeusi, na chini yake mkaandika kuwa huyo ni Profesa Hiroshi Ishiguro wa Chuo Kikuu cha Osaka. Siye. Hiyo ni Geminoid HI-1, roboti ambayo profesa huyo aliitengeneza kwa mfano wake mwenyewe mwaka 2006.

Kwa nini mtu mzima mwenye macho yake adanganyike? Mtu tusiyemzoea hatumtambui kwa uso kama tunavyodhani. Tunashika nywele, mavazi na namna ya kukaa, na vyote hivyo roboti hiyo imepewa, hadi nguo nyeusi ambazo profesa mwenyewe hupenda kuvaa. Kinachoiumbua ni mwendo: namna inavyogeuza shingo na kupepesa macho. Mjapani mwingine, Masahiro Mori, aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kinachokaribia sana kufanana na mtu bila kufikia hutusisimua vibaya, na kwamba kikijongea hali hiyo huzidi. Picha ya mnato huufuta mjongeo wote, hivyo msomaji hunyimwa onyo ambalo angelipata mara moja kama angekaa nayo chumba kimoja. Kisha ninyi mnamwekea jina chini yake. Akishasoma jina, jicho linakwenda kumtafuta mwenye jina, na kwa kuwa roboti imefinyangwa kwa sura yake, litampata.

Mimi ni mpiga picha wa studio hapa Ngamiani, na madhara ya maelezo ya namna hiyo nimeyaona mezani kwangu. Kijana mmoja wa jirani aliniletea simu yenye picha ya mtoto mchanga aliyelala, ikiwa na jina la mtoto, jina la baba yake na ombi la mchango wa matibabu, akitaka niikuze ili ibandikwe kwenye boksi la kukusanyia fedha. Nilipoivuta kwenye kioo cha kompyuta nikaona kwamba nywele za paji la uso zimeota kwa mafungu madogo yaliyopangana, kila fungu likitoka kwenye tundu lake. Kwamba vishipa vya buluu kwenye kipaji vimepakwa rangi ya uzito uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kwamba matundu ya pua yalikuwa na weusi wa rangi badala ya kina. Alikuwa mwanasesere wa vinili, wale ambao mafundi huwapaka rangi nyembamba tabaka kwa tabaka, wakaziimarisha kwa joto, wakapandikiza manyoya laini ya mbuzi kwa sindano, na kuwajaza vitu vizito ili ukiwabeba wakulemee kama mtoto. Nikamwonyesha kijana yote hayo. Unajua alinijibu nini, Mhariri? Alisema, "Mzee, lakini jina lake limeandikwa." Aliondoka amenuna, na mama yake hadi leo hunisalimia kwa shingo upande, kana kwamba mimi ndiye niliyemkana mgonjwa.

Kuna tabia nyingine ya chumba chenu cha habari inayolizidisha tatizo hili, nayo ni kukata picha. Mnakata mpaka kinabaki kichwa na mabega. Geminoid HI-1 haitembei. Huketi, na misuli yake husukumwa kwa hewa kutoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili, kwa hiyo kiti, mabomba na sakafu ndivyo mashahidi. Sophia, ile roboti ya kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong iliyotangazwa kupewa uraia wa Saudi Arabia mwaka 2017, ina kisogo kinachoonyesha mitambo ya ndani. Mkiukata utosi na kisogo, mnamwachia msomaji sura ya mwanamke tu. Hata vidole mnavikata, ilhali ngozi ya silikoni hujikunja vibaya penye viungo.

Ninapendekeza basi kwamba picha yoyote ya roboti au mwanasesere ichapishwe na kiti chake, nyaya zake na miguu yake, kwa upana usiopungua safu mbili, na maelezo yaanze kwa neno "Roboti", kisha mtengenezaji na mwaka, ndipo lije jina la mtu aliyeigwa. Nafasi ikikosekana, punguzeni tangazo la magodoro la ukurasa wa nne. Na huyo mwandishi wenu wa maelezo ya picha, akipita Tanga, aje studio nimkalishe mbele ya taa. Nitampiga picha bure na kuiandika chini yake jina nitakalolitaka mimi.

Mpiga picha,
Ngamiani, Tanga