Barua kwa Mama Rehema: daftari la mitungi na madumu

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mama Rehema,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Nimefurahi mno kusikia umepata fremu hapo Bagamoyo ya kuuzia gesi na maji. Uliuliza kama daftari la mauzo pekee linatosha. Halitoshi, shoga yangu. Pesa ya jioni inaweza kutimia hadi shilingi ya mwisho na huku mtungi umeshapotea. Utakuja kujua siku gari la msambazaji limesimama mlangoni na mitupu ya kumpa haifiki.

Fungua daftari la pili, la vyombo vyenyewe. Kila saizi na kila kampuni ipate ukurasa wake. Msambazaji wangu hapokei mtungi wa kampuni nyingine, kwa hiyo ukichanganya kampuni zote pamoja, hesabu italingana lakini nusu ya mitupu yako haitabadilishika. Kwenye ukurasa piga safu tatu: iliyojaa, mitupu, na iliyo kwa wateja. Ukijumlisha hizo tatu upate idadi ya mitungi yako yote. Mteja akileta mtupu akachukua uliojaa, jumla haiguswi. Inapungua pale tu unapouza gesi pamoja na mtungi wake, na inaongezeka ukinunua mtungi mpya. Ukipeleka mitupu kujazwa ikalala huko, iandikie safu ya nne hadi irudi.

Chukua mfano wa mitungi ya kilo 6. Asubuhi una iliyojaa 22, mitupu 11, kwa wateja 7, jumla 40. Siku hiyo watu sita wamebadilisha. Mama lishe wawili wamechukua bila kuacha mtupu, mmoja kanunua na mtungi wake kabisa, na mteja wa zamani karudisha mtupu aliokuwa anadaiwa. Jioni daftari litasema iliyojaa 13, mitupu 18, kwa wateja 8. Jumla ni 39, na huo mmoja uliopungua ni ule uliouzwa.

Sasa nenda kahesabu kwa mkono. Ukikuta iliyojaa ni 13 kweli lakini mitupu ni 17, usianze kumshuku mwizi. Hapa kwangu jambo hilo lilitokea, na kijana wangu akakumbuka: bodaboda alichukua mtungi akasema mtupu ataleta jioni, naye akauandika kama umebadilishwa. Tulipouhamisha, mitupu ikawa 17 na kwa wateja 9, jumla ileile 39. Tangu siku ile mtupu hauandikwi mpaka uwe umewekwa sakafuni. Wa ahadi unakwenda safu ya wateja, na pembeni jina, simu, tarehe na amana aliyoacha. Hiyo amana itie kwenye bahasha yake, usiile, maana siku akirudisha mtungi atataka pesa yake.

Usihesabu kwa kuangalia sili pekee. Sili ikiwa imetoka, pandisha mtungi kwenye mizani. Kwenye kola pamegongwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu, ukisoma 7.4, basi mtungi wa kilo 6 uliojaa unatakiwa uwe 13.4. Ukipungua, usiuze kama mzima, uweke pembeni uonyeshe msambazaji. Na huo mtupu nao bado una gesi kidogo ndani, kwa hiyo valvu ifungwe, usimame wima, mahali penye hewa, mbali na moto kama ile iliyojaa.

Madumu ya lita 20 ndiyo yanayonitesa zaidi. Mtungi mteja anaona thamani yake, lakini dumu anachukulia ni la kwake. Analiweka uani, mwingine anatilia mafuta ya taa. Yote yanafanana, kwa hiyo andika namba kwa rangi ya mafuta begani, si kwa kalamu, maana kalamu inatoka likisuguliwa. Safu ya wateja andika namba hizo, sio idadi tu. Linaporudi, fungua kifuniko unuse kabla ya kulipokea. Likinuka mafuta usilirudishe kwenye maji hata ukilisugua kwa sabuni, harufu haitoki. Liondoe kwenye jumla siku hiyohiyo na uandike sababu, na fidia ukate kwenye amana ya mteja.

Kila Jumamosi mimi hupitia safu ya wateja na kupiga simu kwa walioanza kuzidisha wiki mbili. Wengi wanarudisha, wamesahau tu. Wewe anza na ukurasa wa kilo 6, wa kilo 15 utafuata ukiuzoea huo. Nikipata mtu anayekuja Bagamoyo nitampa daftari tupu nililokwisha kulipiga mistari.

Nisalimie Rehema na baba yake.

Ni mimi shoga yako,
Mama Saumu