Stetasi ya watazamaji 2

Anti, shikamoo.

Saa kumi alfajiri hii sijapata usingizi. Kila nikifumba macho naona yale maneno: watazamaji 2.

Mimi ndiye ninayeshughulikia mitandao ofisini kwetu, kampuni ya mikopo midogo hapa Mwanza. Kila Jumatatu naweka tangazo kwenye grupu, kila mfanyakazi aliweke stetasi ya WhatsApp na kunitumia skrinshoti. Ijumaa natoa orodha. Asiyeweka, jina lake jekundu. Sikumlazimisha mtu. Meneja alitaka namba, ningefanyaje?

Sasa dada mmoja, afisa mikopo, ambaye tulivaa naye sare kwenye harusi ya mdogo wake, kanitumia yake. Watazamaji 2. Mtu mwenye wateja zaidi ya mia! Kumbe alichagua ionekane na watu wawili tu, mimi na meneja. Nilipomuuliza akajibu taratibu: "Nikiweka tangazo la mkopo, ndugu wa mume wangu wananijia mimi. Akinyimwa mtu, nimemnyima mimi. Akishindwa kulipa, mimi ndiye naenda kumdai shemeji."

Hilo sikulijua. Lakini si angeniambia, kuliko kunidanganya?

Halafu kuna dereva wetu, jina jekundu kila wiki. Mwezi uliopita aliweka picha ya gari likiwa kwenye kivuko cha Ukerewe, akaandika mwenyewe kwamba wanakwenda kuonana na kikundi cha kina mama. Hakuna aliyemwomba. Watu watano walimuuliza ofisi yetu iko wapi. Tangazo langu, maneno yale yale kwenye simu 30, hakuna aliyeuliza. Nadhani mtu akishaliona kwa wafanyakazi watatu, la nne analiruka.

Usiku huu nimeandika nusu ukurasa. Anayetaka aweke, asiyetaka asiulizwe. Aandike kwa maneno yake, na aseme anafanya kazi kwetu, asijifanye mteja. Asitaje riba wala kumwahidi mtu mkopo. Sura ya mteja isionekane bila ridhaa yake, maana akionekana kwetu mtaa mzima utajua ana deni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Swali gumu aniletee mimi. Orodha nyekundu naifuta.

Ila Ijumaa meneja atataka namba. Nafikiria kila mgeni anayeingia mapokezi aulizwe ametusikia wapi, nimpelekee hesabu hiyo badala ya stetasi. Atakubali, au ataniona sifanyi kazi?

Na yule dada nataka kumwomba radhi. Lakini Anti, nisikufiche, nataka pia aweke, hata moja tu, kwa hiari yake, watu wake waione. Nikimwambia hivyo si nitakuwa nimemlazimisha tena? Watazamaji 2, na mmoja ni mimi. Nianze kwake au kwa meneja?

Mimi mwanao,
Mwanza