Yah: Picha iliyotoweka kwenye foleni kabla ya kukaguliwa

Ndugu Mhariri wa Picha, pamoja na wenzako wa kitengo cha msaada,

Picha yangu ya kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025, faili DSC_0412.JPG, niliipakia usiku uleule na mfumo ukanipa namba ya risiti. Kesho yake haikuwepo tena kwenye foleni. Haikukataliwa, kwa sababu picha ikikataliwa huhamia kwenye orodha yake na sababu huandikwa chini yake. Haikukubaliwa pia. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa kuwa mhariri ndiye anayeweza kusema kama aliwahi kuifungua, na fundi ndiye mwenye ruhusa ya kusoma kumbukumbu za seva.

Saa nitakazotaja zote ni za UTC, kwa sababu kumbukumbu za seva mara nyingi huandikwa hivyo. Mwezi ulikuwa umezama kabisa kivulini kuanzia 17:30 hadi 18:52, na picha hii ni ya 18:11, katikati kabisa ya tukio. Nilimaliza kuipakia 20:40. Saa 21:30 nilifungua akaunti kwa simu na nikaikuta kwenye foleni ikiwa na maneno "Inasubiri kukaguliwa". Asubuhi, 05:10, nafasi yake ilikuwa tupu.

Jibu la kwanza nililopata kutoka kwenu ni kwamba nifute kashe ya kivinjari kisha nipakie upya. Naelewa kwamba ushauri huo hutatua malalamiko mengi, lakini hapa haufai, na nitaeleza sababu.

Kashe huficha mabadiliko kwenye kifaa kimoja. Picha hii haionekani kwenye kompyuta, haionekani kwenye simu, wala kwenye dirisha la faragha ambalo huanza bila kashe yoyote. Zaidi ya hapo, akaunti yangu inaruhusiwa kuwa na picha 5 zinazosubiri kwa wakati mmoja. Usiku ule nafasi zote zilikuwa zimejaa; asubuhi mfumo uliniambia nimebakiwa na nafasi moja. Kama ingekuwa faili tu limepotea, ningeona fremu yenye picha iliyovunjika na nafasi ingeendelea kuhesabika. Kurudi kwa nafasi kunamaanisha kwamba rekodi yenyewe ya foleni imefutwa, au imebadilishwa hali, ndani ya hifadhidata yenu.

Huenda mtajiuliza kama faili lilifika kweli. Swali ni la haki, kwani kijipicha anachokiona mtu wakati wa kupakia si ushahidi wa lolote: mara nyingi kivinjari hukitengeneza chenyewe kutoka kwenye faili lililo kwenye kifaa, hata kabla baiti ya mwisho haijaondoka. Ndiyo sababu natilia mkazo ile saa 21:30. Simu yangu haikuwa na nakala ya picha hiyo. Kijipicha nilichokiona humo kilitoka kwenye seva yenu, maana yake faili lilipokelewa, likasomeka na likachakatwa.

Sasa lile la kupakia upya. Nilifuata ushauri, na mfumo ukanijibu: "Picha hii imeshatumwa." Hapo ndipo nilipopata uhakika kwamba tatizo liko ndani. Mifumo ya aina hii huhesabu heshi ya kila faili linaloingia, yaani alama ya utambulisho inayotokana na yaliyomo ndani ya faili, na kuitunza ili mtu asitume kitu kilekile mara mbili. Kwenu heshi ipo, picha haipo: daftari la mlangoni linasema mgeni ameingia, sebuleni hakuna mtu. Chochote kilichoifuta rekodi ya foleni hakikugusa jedwali la heshi, na hilo linapunguza sana washukiwa. Kama mhariri angeifuta kwa mkono kupitia ukurasa wake wa kazi, nadhani vyote viwili vingeondoka pamoja, au angalau kungebaki jina la aliyefanya hivyo.

Shaka yangu iko kwingine, nanyi mtanisahihisha. Saa 21:30, nikiwa kwenye simu, nilihariri maelezo ya picha ili kuongeza mipangilio ya kamera: sekunde 1, f/5.6, ISO 1600. Ukurasa ulisema mabadiliko yamehifadhiwa. Inawezekana kwamba kuhifadhi maelezo kupitia toleo la simu kuliirudisha picha kwenye hali ya rasimu bila kunionyesha. Tovuti nyingi zina kazi ya usafi inayojiendesha usiku na kufuta rasimu zilizotelekezwa, ili hifadhi isijae. Kama yenu ipo, na kama inatazama hali ya picha pekee bila kuuliza iwapo imeshatolewa risiti, basi iliiona picha yangu kama takataka. Kulijaribu hilo ni rahisi: pakieni picha yoyote ya majaribio, hariri maelezo yake kwa simu, kisha someni hali yake moja kwa moja kwenye hifadhidata kabla na baada. Hamhitaji hata kusubiri usiku.

Ili msitafute kwa jina la faili, ambalo kamera hulirudia kila inapomaliza mzunguko wa namba, nimeambatisha heshi ya faili halisi, niliyoipata kwa amri hii:

```
sha256sum DSC_0412.JPG
```

Ni herufi na tarakimu 64. Zilinganisheni na jedwali la mapokezi, si na nakala iliyo kwenye hifadhi ya kuonyeshea. Kama seva yenu hupunguza ukubwa au huondoa taarifa za EXIF, nakala hiyo itakuwa na heshi tofauti kabisa, na mtu anaweza kuhitimisha kwa haraka kwamba faili langu halijawahi kufika.

Najua njia ya kupita pembeni. Nikikata ukingo wa picha kidogo tu na kuihifadhi upya, heshi itabadilika na huenda mfumo ukaipokea. Sitaki. Mkija kuirudisha ile ya kwanza kutakuwa na nakala mbili za tukio moja chini ya jina langu, na kanuni zenu wenyewe zinakataza hilo. Tena kwa picha za anga, faili ambalo halijaguswa ndilo linalothibitisha saa iliyopigwa.

Ninachoomba, basi, ni fundi asome kumbukumbu za kufutwa na za kubadilishwa hali kati ya 21:30 na 05:10 kwa namba ya risiti niliyopewa. Ikiwa nakala rudufu ya usiku ule bado ipo, irudisheni rekodi kutoka humo ikiwa na tarehe yake ya mwanzo, kwa kuwa foleni hupangwa kwa tarehe ya kupokelewa na sioni kwa nini nianze mkiani. Fanyeni hivyo mapema, kabla nakala hiyo haijaandikwa juu na mpya. Ikiwa haipo, futeni heshi yangu kwenye jedwali na mnijulishe, nami nitatuma faili lilelile siku hiyohiyo.

Kwa mhariri nina swali moja tu: je, kwenye ukurasa wako wa kazi namba hii ya risiti iliwahi kuonekana? Jibu la ndiyo au hapana litamwokolea fundi muda mwingi.

Wenu,
Mwenye akaunti iliyotuma barua pepe hii