Karanga ni safi, mashine je? Sosi na vitafunio vya mtoto mwenye aleji ya simsim na korosho

Wateja wetu wengi wapya wanaanza na swali moja, hii sosi yenu ina simsim? Tunajibu hapana, lakini ukweli swali hilo peke yake halimlindi mtoto, manake muuzaji sokoni anaweza kukujibu hapana bila kudanganya kabisa na bado mtoto akavimba midomo. Swali lenye faida ni hili: imesagwa kwenye mashine gani, na kabla yake kulisagwa nini?

Tulilijifunza kwa mama mmoja anayekaa upande wa Nsambya, Kampala. Mwanawe wa miaka minne alipimwa akakutwa na aleji ya simsim na korosho, karanga zikaonekana hazina shida kwake. Watu wengi hushangaa hapo lakini ndo ilivyo, karanga ziko ukoo mmoja na maharage, sio ukoo wa korosho wala lozi wala makademia, kwa hiyo kuna watoto wanakula karanga vizuri tu na korosho moja inawalaza (usijaribu nyumbani lakini, daktari ndo aseme). Basi yule mama alikuwa ananunua karanga za kusaga kwa muuzaji yuleyule, miezi kadhaa, mtoto anakula binyebwa, yaani sosi ya karanga, na matoke, hakuna kitu. Jumamosi moja alileta kavera ileile ya nusu kilo, akapika vilevile, mtoto hajamaliza sahani akaanza kujikuna shingo, mabaka yakatoka, midomo ikavimba, akatapika. Wakamkimbiza hospitali, akapona, Mungu ni mwema.

Jumatatu mama akarudi sokoni. Yule muuzaji alilia kabisa akasema dada, mimi simsim sijaweka. Na hakuweka. Ila Jumamosi asubuhi alikuwa na oda ya odii ya watu wa harusi, ile ya karanga na simsim pamoja inayopikiwa mboga za malakwang na boo, akaisaga, akapangusa mdomo wa mashine na kitambaa, halafu akasaga karanga tupu za yule mama. Hiyo tu.

Ile mashine ya mkono unayoiona imebanwa pembeni ya meza, ndani ina skurubu nene inayosukuma na sahani mbili za chuma zinazosugua. Mashine za umeme pia zina sehemu za namna hiyo. Uji wa simsim una mafuta mengi, unajibana kwenye mifereji ya sahani na nyuma ya skurubu, kitambaa hakifiki huko. Sasa tuseme zimebaki gramu 10 za simsim, kama vijiko viwili vya chai. Karibu sehemu ya tano ya simsim ni protini, na protini ndo inayoleta aleji, kwa hiyo hapo kuna kama gramu 2, yaani miligramu 2,000. Ukisaga kilo moja ya karanga juu yake na ikichanganyika sawasawa, kila gramu 30 anazokula mtoto zitakuwa na miligramu 60 hivi za protini ya simsim. Kuna watoto wanaodhurika na miligramu chache tu. Na haichanganyiki sawasawa, kilo ya kwanza kutoka ndo inabeba mzigo mkubwa, ndo maana mtoto anaweza kula mara kumi salama halafu ya kumi na moja ikamwangusha. Ukiona chakula kilekile cha muuzaji yuleyule leo kinamdhuru na jana hakikumdhuru, fikiria mashine na kikombe cha kupimia kabla hujaanza kuogopa karanga zenyewe.

Kuna wanaotuambia wanapitisha karanga kidogo za kusafishia mashine kisha wanazitupa. Inapunguza, haimalizi. Kupika nako hakusaidii, moto wa sufuria hauui aleji ya simsim. Kinachofaa ni kufungua mashine yote, sahani, skurubu, pipa la juu, kusugua na brashi na maji moto ya sabuni, kusuuza na kukausha, na mama wa sokoni mwenye foleni ya watu hawezi kufanya hivyo kwa ajili ya nusu kilo yako, tusimlaumu.

Ndo maana sisi tuna mashine moja ambayo tangu tuinunue haijaonja simsim wala korosho wala lozi. Karanga tunanunua zikiwa bado na maganda, gunia zima, tunamenya wenyewe, kwa sababu zilizomenywa zinakaa mabeseni yanayopakana na simsim na kikombe kinaruka toka beseni hadi beseni. Tukishamenya tunapepeta kwenye chekecheke, punje ya simsim ni ndogo inadondoka chini karanga inabaki, kisha tunaziosha kutoa vumbi, tunaanika ndani, ndipo tunakaanga na kusaga. Sosi ya pili ni ya nyanya, vitunguu na bilinganya, haina karanga kabisa, ila inapikwa jiko hilohilo, kwa hiyo kama mtoto wako karanga pia zinamdhuru tafadhali usinunue kwetu chochote, tunakwambia wazi.

Kwa vitafunio shida ni ileile ya mashine, tena imejificha zaidi. Watu wanaogopa mkate wenye mbegu juu, hiyo unaiona kwa macho. Mimi ninaogopa unga. Kinu cha mtaani kinachosaga muhogo wa kabalagala, vile vitafunio vya ndizi na muhogo vya kukaanga, ndicho kinachosaga unga wa uji wa watoto, ule wa mchanganyiko wa mahindi, soya, karanga, simsim na hata mukene, wale dagaa. Tulihangaika sana hapo, mwishowe tukaanza kununua muhogo mkavu wa vipande na kusaga hapa. Kabalagala zetu ni ndizi ndogo zilizoiva sana nusu kilo, unga wa muhogo kama robo kilo, unaongeza kidogo kidogo mpaka donge liache kushika mkono, basi, na mafuta ya alizeti ambayo hatujakaangia kitu kingine. Bisi na chipsi za muhogo pia tunazo.

Ukinunua sokoni hata hivyo, uliza kwa upole, mama, mashine hii huwa mnasagia na simsim? Taja na entungo au nyim kulingana na mtu, wengine neno simsim hawalitumii. Akisema ndiyo, hata kama ni mara moja kwa mwezi, acha. Na mtoto akianza kukohoa, sauti ikikwama, pumzi ikibana au akilegea, dawa ya maji ya aleji haitoshi, kama daktari alikupa sindano ya adrenalini mpige pajani upande wa nje hapohapo kisha hospitali, kama hukupewa, hospitali bila kungoja.

Tunasaga Jumanne na Ijumaa, oda zinafungwa siku moja kabla. Nusu kilo ya karanga ni shilingi 9,000, kwenye chupa ina tarehe ya kusaga na tulichosaga kabla yake. Na kama una nafasi ya kununua mashine yako ya mkono ya nyumbani, nunua, njoo tukuoneshe jinsi ya kuifungua na kuiosha, hiyo hatutozi. Yule mama wa Nsambya alinunua yake, sasa kwetu anachukua karanga zilizokaangwa tu.