"Ya kutoa" ni mapato ya duka, au ni ada iliyorudishwa?

Assalaam aleikum,

Naomba ushauri wa wanaotunza hesabu za biashara ndogo. Ni jambo la shilingi chache, lakini hurudi kila siku na kuchafua daftari: ile "ya kutoa" ambayo mteja huongeza anapolipa kwa simu.

Daftari lenyewe ni la duka la vifaa vya mashua hapa Langoni, Lamu: kamba, misumari, rangi, pamba ya kukalafati. Wanunuzi wengi wako Faza, Kizingitini na Matondoni. Mzigo hutangulia kwa boti na pesa hufuata kwa M-Pesa, kwenye nambari ya kawaida. Mwenye deni la 2,000 hutuma 2,029, kwa kuwa kutoa 2,000 kwa wakala ni shilingi 29. Ada ya kutuma hukatwa kwenye simu yake mwenyewe, kwa hiyo haiingii kwenye hesabu zetu. Lakini hizo 29 zimeingia. Ziandikwe wapi?

Chukueni wateja watatu wa juma moja. Wa Faza alidaiwa 2,000 akatuma 2,029. Wa Kizingitini alidaiwa 3,000 akatuma 3,052. Wa Matondoni alidaiwa 4,000 akatuma 4,069. Jumla iliyoingia ni 9,150, na ndani yake "ya kutoa" ni 150. Baada ya siku mbili zikatolewa 9,000 kwa mkupuo mmoja, na ada ya kiwango hicho ni 115, si 150. Zimebaki 35 ambazo si za mzigo wala si za wakala. Na lau zingetumwa moja kwa moja kwa muuzaji wa Mombasa badala ya kutolewa, ada ingekuwa 90 na zingebaki 60. Shida yote iko hapo: kinachoongezwa na mteja hupimwa kwa malipo yake peke yake, ilhali ada tunayokatwa hupimwa kwa tulivyoamua kuzitumia fedha zikishachanganyika. Namba hizo mbili hazitalingana, labda kwa bahati.

Kosa la kwanza nililolikuta daftarini ni kuingiza 2,029 yote upande wa mteja. Ukifanya hivyo, salio lake linavuka sifuri na kuonyesha kwamba duka linamdai kasoro 29, yaani duka ndilo linalodaiwa. Akinunua tena kwa 2,000, daftari litasema adaiwe 1,971. Dalili yake ni rahisi kuiona: wateja waliomaliza kulipa wanabaki na visalio vidogo vya 29, 52, 69, ambavyo ni viwango vilevile vya kutolea pesa. Ukiviona vinajirudia, usitafute zaidi.

Kwa sasa ninaandika kwa programu ya hesabu ya hledger kwenye kompyuta, na ninaigawa pesa siku ileile inapoingia:

```
account Mali     ; type:A
account Mapato   ; type:R
account Gharama  ; type:X

2025-03-04 (TC4K7P2M9Q) Mteja wa Faza
    Mali:Simu          KES 2029 = KES 5379
    Mali:Wadaiwa:Faza  KES -2000
    Mapato:Ya kutoa    KES -29

2025-03-06 (TC6R1B8W3D) Kutoa kwa wakala
    Mali:Taslimu       KES 9000
    Gharama:Ada        KES 115
    Mali:Simu          KES -9115 = KES 3385
```

(Nimeruka ingizo la salio la mwanzo la simu, KES 3350, na maingizo ya Kizingitini na Matondoni, ambayo yana umbo lilelile na la Faza; bila hayo masalio ya `=` yatakataliwa. Mistari ya `account` ni ya lazima kwa anayetumia majina ya Kiswahili: programu hutambua aina ya akaunti kwa majina ya Kiingereza, na usipoitangaza aina, `hledger is` haitajua kipi ni mapato na kipi ni gharama.)

Kwenye mabano ni namba ya muamala kama ilivyo kwenye ujumbe wa simu. Baada ya alama ya `=` ni salio ambalo ujumbe huohuo umelitaja. Hilo salio nalithamini sana. Likirukwa ingizo moja, au ada ikisahaulika, hledger inakataa kuendelea na inataja tarehe na mstari ambapo hesabu imeachana na simu. Tofauti ikiwa 115 kamili, unajua mara moja kwamba ni ada ya kutoa ndiyo iliyoachwa.

Tahadhari moja kwa wanaonakili kutoka taarifa ya mwezi badala ya ujumbe: kwenye taarifa, ada huja katika mstari wake lakini kwa namba ileile ya muamala uliosababisha ada hiyo. Ukifuta mistari yenye namba zinazojirudia ukidhani ni marudio, umefuta ada zote za mwezi. Mimi huunganisha mistari hiyo miwili kuwa ingizo moja, kama la tarehe 6 hapo juu, kisha ndipo natafuta marudio:

```
hledger -f duka.journal codes | sort | uniq -d
```

Sasa kwenye mzozo. Mwenzangu anayekagua hesabu hizi, yuko Malindi, haitaki akaunti ya `Mapato:Ya kutoa`. Anasema mteja hakununua kitu kwa 29 zile, amefidia gharama tu, basi zipunguze `Gharama:Ada`. Hoja yake ina uzito, hasa kwa kodi. Kodi ya mapato ghafi ya biashara ndogo, ile ya asilimia 3 inayolipwa KRA kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hairuhusu kutoa gharama yoyote. Kwenye mfano wetu, 9,150 zinadai kodi ya 274.50, na 9,000 zinadai 270. Anaona tunalipia kodi pesa ya wakala.

Mimi naona njia yake inaficha. Juma lile, `Gharama:Ada` ingesoma 35 upande wa kinyume, kana kwamba kutoa pesa kunatuletea faida. Na mwisho wa mwezi hatungejua tena ada halisi ni kiasi gani, nayo ndiyo namba tunayoihitaji kuamua kama tuhamie nambari ya tili, ambako anayelipa hakatwi na duka ndilo linalokatwa asilimia 0.55. Kwa malipo yale matatu ingekuwa 11, 16.50 na 22, jumla 49.50, na mauzo yangeandikwa 9,000 kamili.

Tulifikiria pia kuziweka kama deni hadi siku ya kutoa, kisha ada ilipwe kutoka humo. Tatizo ni kwamba deni lazima liwe na mwenyewe. Hizo 35 zilizobaki hakuna atakayekuja kuzidai, na akaunti ingekua mwaka mzima bila kufungika.

Ninayoomba kujua ni mawili. Mmoja wenu aliyewahi kukaguliwa mauzo yake na KRA, "ya kutoa" ilihesabiwa ndani ya mapato ghafi au iliachwa nje alipoonyesha maingizo yake? Na la pili: mteja wa Faza akirudisha kamba kwa boti ya kesho, naye alishatuma 2,029, tumrudishie 2,000 au 2,029, na ada ya kumtumia iandikwe kwenye `Gharama:Ada` ileile au itengewe akaunti ya marejesho?

Wassalaam,
Mtunza daftari, Langoni, Lamu